Kuitwa geto kwa mara ya kwanza: maswali ninayoulizwa sana

Nina saluni Sakina, hapa Arusha, na nilikulia Majengo, Moshi. Mteja akikaa kusukwa kwa muda wa saa nne au tano, mazungumzo yanafika mbali. Swali linalojirudia kuliko yote ni hili: kuna mtu tumeanza kupendana, ameniita kwake, niende? Haya ndiyo majibu ninayowapa mabinti, pamoja na machache ninayowapa vijana wa kiume wanaokuja kuwasubiri. Nimejikita kwenye chumba cha kupanga kwa sababu wengi huitwa huko: nyumba ya wapangaji sita au wanane, geti moja, choo cha uani, na chumba ambacho kitanda na sebule vimekaa pamoja.

Amenitumia nauli. Nikienda, si nitakuwa nimeshakubali?

Hapana. Hata kama ni laki moja.

Naanza na nauli kwa sababu matatizo mengi ninayosimuliwa yalianzia hapo, kabla binti hajapanda hata gari. Kijana anatuma 20,000, na nauli ya kutoka Usa River mpaka mjini haifiki hata robo yake. Binti anaona aibu kuuliza hiyo nyingine ni ya nini, anaipokea na kushukuru. Kijana naye hasemi. Akifika, kila mmoja ana hesabu yake kichwani, na hesabu hizo hazifanani. Jioni binti akisema anaondoka, anaambiwa, "Sasa nauli yangu umekula bure?"

Kama unaweza, nenda kwa nauli yako na useme hivyo mapema: "Usinitumie nauli, nitakuja mwenyewe." Kama ameshatuma na umepokea, mjibu siku hiyohiyo: "Asante, hii inatosha gari, inayobaki tutanunulia chakula. Nitakaa mpaka saa kumi na moja jioni." Hapo umemwambia hela itafanya nini na wewe utaondoka saa ngapi. Kijana mwenye nia njema atajibu sawa. Anayenuna kwa ujumbe huo amekupa taarifa ukiwa bado kwenu, na hiyo ni bahati.

Halafu nawasihi mabinti, msile nauli. Kupokea hela ya mtu huku unajua huendi si haki, na hasira yake humwangukia binti mwingine asiye na kosa.

Kwa vijana niseme wazi. Kuingia chumbani kwako, kula chakula chako, hata kukubusu, si ruhusa ya kulala naye. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kuwa ni ubakaji pale ridhaa inapokosekana au inapopatikana kwa nguvu na vitisho. Kwa aliye chini ya miaka 18, kusema "alikubali" hakukusaidii kabisa, na adhabu inaanzia miaka 30 jela. Kama umri wake huujui, huna la kumwalika chumbani kwako.

Nitajuaje kama ni kwake kweli?

Swali hili wengi hawaliulizi, na mimi naliona kubwa. Vijana wengi wanaishi na kaka, au kwa shangazi, au wamepanga wawili. Akitaka kumwita mtu, anaazima geto la mshikaji. Huenda hana nia mbaya, anaona tu aibu kusema hana chumba. Tatizo ni kwamba mwenye chumba ana ufunguo, anajua mpo ndani, na anaweza kurudi muda wowote na watu usiowafahamu. Tena siku ukimtafuta kijana huyo hapo, hayupo na hajulikani.

Chumba cha kuazima kina dalili zake. Ukiomba sukari, anafungua makopo yote. Umeme ukikatika, hajui Luku iko wapi. Jirani akipita uani, salamu yake ni ya kumpa mgeni. Hamwiti jina wala hamtanii. Nguo zilizotundikwa si za umbo lake. Ukiona hivyo, muulize kwa upole: "Hapa ni kwako au ni kwa rafiki?" Akikiri, mtoke mkakae nje, mahali penye watu. Hakuna haja ya ugomvi. Akidanganya na wewe unaona kopo la sukari limemshinda, nyanyua pochi yako.

Dalili nyingine hujitokeza kabla ya siku yenyewe. Anakataa muonane kwanza mahali pa wazi. Anakataa kutaja mtaa, anasema tu "shuka stendi, nitakupokea". Anabadilisha mahali ukiwa tayari njiani. Anakwambia usimwambie mtu. Hilo la mwisho likitokea, sina ushauri mwingine zaidi ya kutokwenda.

Niulize nini kabla ya kwenda?

Uliza geti linafungwa saa ngapi na ufunguo anao nani.

Wateja wangu hushangaa nikiwaambia hivyo. Lakini fikiri nyumba ya kupanga ilivyo. Geti la bati, komeo kwa ndani, na kufuli. Nyumba nyingi zina saa ya kufunga, mara nyingi saa nne au saa tano usiku, na ufunguo anao mama mwenye nyumba au mpangaji mmoja wa zamani. Likishafungwa, kutoka kwako kunategemea kumwamsha mtu usiyemjua, huku macho ya nyumba nzima yakiwa kwako. Mabinti wengi wanalala mahali wasipotaka kwa sababu ya aibu ya geti tu, hata bila kushikwa na mtu. Kijana anajua hilo. Ndiyo maana wengine wanakuweka kwenye filamu mpaka saa nne na nusu, kisha wanasema kwa huruma, "Geti limeshafungwa, sasa utafanyaje?"

Kwa hiyo mara ya kwanza nenda mchana. Saa nane mpaka saa kumi na moja jioni zinatosha kula, kuongea, na kuona mtu anaishi vipi. Huku kwetu giza linaingia saa moja kasoro, na baada ya hapo daladala za pembezoni, kama Kwa Mrombo au Ngaramtoni, zinaanza kupungua.

Nimwambie nani, na nimwambie nini hasa?

Mtu mmoja anayeshika simu yake. Si kundi la marafiki kumi ambalo kila mmoja anadhani mwenzake anafuatilia.

WhatsApp ina sehemu ya kuonyesha mahali ulipo ukiwa unatembea, na inakupa muda wa dakika 15, saa 1 au saa 8. Chagua saa 8. Ila ramani hiyo ina mipaka: bando likiisha au simu ikizimika inasimama ulipoishia, na hata ikifanya kazi inaonyesha eneo tu, haionyeshi ni mlango upi kati ya minane. Ndiyo maana nasisitiza picha ya kibao cha namba ya nyumba. Nyumba nyingi mjini zilibandikwa vibao kwenye zoezi la anwani za makazi la 2022. Ukifika getini, piga picha ya kibao umtumie mwenzako, na uandike: "Geti la bluu, chumba cha tatu kushoto." Fanya hilo mbele ya mwenyeji, bila kujificha. Mwambie, "Namtumia dada picha, ana wasiwasi." Kijana akijua kuna mtu anajua ulipo, hilo peke yake linasaidia.

Kubalianeni pia saa ya kupigiwa. Mwenzako apige saa kumi kamili, na usipopokea mara mbili, aje au atume mtu.

Siku yenyewe inakwendaje? Nipe mfano.

Nitamsimulia binti wa dada yangu, kwa ruhusa yake. Ana miaka 24, anauza duka la vipodozi mjini. Alikuwa ameonana na kijana mara tatu, zote mchana, karibu na Mnara wa Saa. Kijana akamwalika kwake Kwa Mrombo, Jumamosi ya mwezi wa nne. Aliuliza habari ya geti, akaambiwa saa nne. Akasema ataondoka saa kumi na moja. Alitenga 10,000 kwenye mfuko wa ndani wa pochi, asiiguse kwa lolote isipokuwa kurudi. Simu ilikuwa na chaji kamili. Aliposhuka kwenye kifodi alikwenda kwanza kwenye kijiwe cha bodaboda kilichopo barabarani, akamwomba dereva mmoja mtu mzima namba yake na kumwambia, "Kaka, saa kumi na moja nitakupigia uje unichukue."

Alikuta chumba kimoja. Kitanda, meza, jiko la gesi, na kiti kimoja cha plastiki chenye nguo. Alisimama mlangoni. Kijana akazitoa nguo haraka, akampa kiti, yeye akakaa kitandani. Binti akakisogeza kiti karibu na mlango na kusema, "Tuache wazi, kuna joto." Pazia likashushwa, mlango ukabaki wazi. Ndizi nyama ilikuwa bado jikoni. Wakala kutoka sufuria moja, soda akaifungua mwenyewe.

Saa kumi na nusu mvua ikaanza, ile ya masika isiyo na dalili ya kukata. Kijana akasema, "Mvua hii, si ulale tu? Mimi nitalala chini." Binti anasema hapo moyo ulienda mbio, kwa sababu hakuwa amefanyiwa baya lolote, chakula kilikuwa kitamu, na kukataa kulionekana kama kumtukana mtu. Alijibu hivi: "Nimefurahi sana, ila leo nalala kwetu." Hakuongeza sababu. Alimpigia bodaboda; bei ikapanda mara mbili kwa ajili ya matope, na ile 10,000 ikafanya kazi yake. Kijana akachukua mwavuli, akamsindikiza mpaka getini, akasubiri mpaka pikipiki imeondoka.

Nawaeleza mabinti kwamba kipimo kilikuwa pale, baada ya "hapana". Namna kijana alivyopokea jibu lile ilimwonyesha binti anatoka na mtu wa namna gani, zaidi ya yale mazungumzo yote ya Mnara wa Saa. Angenuna, angezima jiko kwa kishindo, au angesema "mwenzio alilala", angejua pia.

Kwa nini asitoe sababu?

Kwa sababu kila sababu ina jibu. Ukisema una kazi kesho, atasema atakuamsha alfajiri. Ukisema mama atakasirika, atasema mpigie umdanganye. Sentensi fupi, ile ile, rudia mara mbili au tatu ukiwa umeshasimama na pochi iko begani. Viatu uvivue uviache mahali unapoviona.

Akifunga mlango kwa ufunguo na kuutia mfukoni, usibishane habari ya mapenzi. Sema kwa sauti ya kawaida, inayosikika nje: "Fungua mlango, natoka." Asipofungua, paza sauti. Kuta za nyumba za kupanga ni nyembamba, na wapangaji wa uani wana masikio. Ita "mama mwenye nyumba!" hata kama humjui jina. Aibu utakayoipata hapo itaisha kesho. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Vipi kuhusu kinywaji?

Kilichofunguliwa mbele yako, na ukienda chooni ukirudi hukiendelezi. Mara ya kwanza mimi nasema pombe isiwepo, kwako wala kwake. Mtakunywa siku nyingine.

Mimi ndiye mwenyeji. Nifanye nini ili mgeni awe na amani?

Azima kiti cha pili kwa jirani. Nasema hivyo kwa dhati kabisa. Chumba kikiwa na kitanda tu, umemlazimisha mgeni aanze ziara yake kwa kukaa kitandani kwako, na kuanzia hapo kila dakika yeye anafikiria utasema nini baadaye. Viti viwili na stuli ya kuwekea chakula vinabadilisha chumba.

Mwambie mama mwenye nyumba kwamba utapata mgeni mchana. Nyumba nyingine zina masharti kuhusu wageni, na hakuna linaloumiza kama binti kuulizwa uani "wewe ni nani tena?" Tayarisha maji ya kunawa, osha choo hata kama ni cha watu wote, na mwonyeshe kilipo mapema ili asiulize mara mbili. Mwambie mwenyewe, kabla hajauliza: "Ukitaka kuondoka muda wowote niambie, nitakusindikiza." Kisha msindikize kweli, mpaka barabarani, mpaka apande. Kwetu kumsindikiza mgeni ni jambo la kawaida, sijui kwa nini vijana wanaliacha kwa mtu wanayesema wanampenda.

Kama unatamani jambo la zaidi, liseme kwa maneno na usubiri jibu la maneno. Kimya si ndiyo. Mtu aliyeganda si ndiyo.

Nawe dada unayemkaribisha mwanaume chumbani kwako, kumbuka kwamba akishapajua kwako hutaweza kumfuta kichwani mwake. Mara ya kwanza onaneni nje, mpaka uwe na hakika unataka apajue.

Wanaume nao wana hatari gani?

Zipo, na wanaziona aibu kuzisema. Mteja wangu mmoja ana kaka aliyealikwa na mwanamke waliyejuana kwenye simu kwa wiki mbili. Alipofika hakuulizwa hata hali. Aliambiwa avue shati, kuna joto. Dakika kumi baadaye mlango ukasukumwa, wakaingia wanaume watatu, mmoja akidai ni mume. Wakampiga picha, wakamtaka atume hela kwa simu au picha ziende kwa mke na kazini. Alituma, na wiki iliyofuata wakadai tena. Fumanizi la kutega linajulikana kwa haraka yake: mwanamke anataka uvue kabla hamjaongea, na mlango haujafungwa kwa komeo.

Ukijikuta humo, kulipa hakuwanyamazishi. Tunza ujumbe wao na namba iliyopokea hela, nenda polisi. Kudai hela kwa vitisho ni kosa, uwe ulikosea kwenda au hukukosea.

Na mwenyeji mwanaume, usimwache mgeni wa siku ya kwanza na simu isiyo na namba ya siri.

Ameniambia twende kwao Marangu Desemba. Hiyo nayo ni miadi?

Hiyo si miadi. Wachaga wanapopanda nyumbani mwisho wa mwaka, ukoo mzima unakuwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo, na msichana aliyeletwa anaangaliwa kama anayetambulishwa, hata kama kijana amekwambia "tunaenda tu kutembea". Muulize atakutambulisha kama nani. Uliza pia utalala wapi na nani, kwa sababu gari za kushuka Moshi haziwi nyingi jioni. Jibu zuri ni kwamba utalala na dada zake au kwa shangazi. Beba sukari na majani ya chai, na shikamoo usimnyime mzee hata mmoja.

Kiusalama, kihambani pana watu wengi na hilo ni jema. Uzito wake uko kwenye matarajio. Kama humjui vya kutosha, mwambie mwakani.

Limeshatokea. Nilikwenda, akanilazimisha. Nifanye nini sasa?

Si kosa lako kwamba ulikwenda. Nitaandika hatua, zisome polepole.

Usioge, usifue. Nguo ulizovaa zifunge kwenye kanga au karatasi, si kwenye mfuko wa nailoni, maana unyevu huharibu ushahidi. Mpigie mtu mmoja aje mwende pamoja.

Kama umeumia, anza hospitali. Vinginevyo pitia polisi, uulize Dawati la Jinsia na Watoto, wakupe fomu namba tatu, ile PF3, ambayo daktari ataijaza. Arusha kuna Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru, Moshi kuna Mawenzi. Ukifika, sema wazi unahitaji dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, zinazoitwa PEP. Lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwa hiyo usingoje kesho. Utazimeza siku 28 bila kuruka. Omba pia dawa ya dharura ya kuzuia mimba, nayo ni bora mapema zaidi.

Kama saa 72 zimepita, nenda hata hivyo. Kuna vipimo, kuna matibabu ya magonjwa mengine, na kesi bado inaweza kufunguliwa. Na kama huna wa kwenda naye, saluni yangu inafunguliwa saa mbili asubuhi. Nimeshawasindikiza wawili mpaka Mount Meru, na nitamsindikiza wa tatu.